Mwongozo Kamili: Kusoma Mchoro wa Molekuli Kwenye Picha ya Simu, kwa Mfano wa Asidi ya Zabibu

Kila muhula napokea picha zilezile. Mwanafunzi wa kidato cha tano au cha sita anapiga picha ukurasa wa kitabu cha kemia, ananitumia kwa WhatsApp na kuandika chini yake: "Shikamoo mwalimu, naomba unisaidie fomula ya hii." Nikimwambia ajaribu kwanza, jibu linalorudi huwa moja kati ya matatu, na yote matatu si sahihi. Makosa hayo hayatokani na uvivu. Mchoro wa aina hii huficha vitu kwa makusudi, na picha ya simu inaficha vingine juu ya hivyo.

Nitatumia molekuli moja tu mwanzo hadi mwisho: asidi ya tartariki, ile inayoipa zabibu uchachu wake. Sisi wa Dodoma tunaionja kila msimu zabibu za Hombolo zinapofika mjini, kwa hiyo si kitu kigeni mdomoni. Tena ina kila mtego ninaotaka kuuonyesha.

## Andaa hivi kwanza

- Picha yenyewe, na kitabu kama bado unacho karibu.
- Karatasi nyeupe isiyo na mistari. Mistari ya daftari inachanganyika na mistari ya bondi.
- Penseli, kifutio, na kalamu ya rangi moja, nyekundu au kijani.
- Hesabu ya mikono, yaani idadi ya bondi ambazo kila atomi hushika: kaboni ina mikono 4, naitrojeni 3, oksijeni 2, haidrojeni 1. Iandike juu kabisa ya karatasi yako.

## Hatua ya 1: Ikague picha kabla hujasoma mchoro

Hatua hii ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayoua majibu mengi. Angalia mambo manne.

Kingo za picha. Fuata kila mstari wa mchoro mpaka mwisho wake. Je, kuna unaoishia ukingoni mwa picha? Kama upo, simama hapo hapo. Katika michoro hii mstari wa bondi moja unaoishia patupu, bila herufi, una maana kamili: mwisho wake ni kaboni yenye haidrojeni tatu. Ukikata herufi OH kwa bahati mbaya wakati unapunguza picha, mstari uliobaki utajifanya ni kaboni, na hakuna hesabu yoyote baadaye itakayokuambia kuwa umekosea. Nitarudi kwenye hili.

Maneno ya pembeni. Picha nzuri ina angalau neno moja la kitabu karibu na mchoro, iwe ni jina la mchoro au namba ya ukurasa. Usilikate. Neno hilo ndilo litakalokuonyesha kama picha imegeuzwa kushoto-kulia, na faida yake utaiona kwenye hatua ya 6.

Mwanga. Jua letu la saa saba linapiga karatasi inayong'aa na kuacha doa jeupe, na chini ya doa hilo mstari wa pili wa bondi mbili unapotea. Kivuli cha kichwa chako nacho kinafanya vivyo hivyo. Piga picha karibu na dirisha au barazani kivulini, ukurasa ukiwa umelala bapa, simu ikiwa juu yake moja kwa moja. Zima flashi. Kukiwa na upepo, weka kitu kizito pembeni mwa ukurasa, kwa sababu ukurasa uliojikunja unapinda mistari na pembe zake.

Mistari ya ukurasa wa nyuma. Kwenye fotokopi za karatasi nyembamba, wino wa nyuma unaonekana kwa mbele kama mstari wa kijivu. Namna ya kuutambua ni rahisi: mstari halali wa bondi huwa na angalau ncha moja iliyoshika kona au herufi. Mstari unaoanzia hewani ukakatisha mchoro na kuishia hewani ni wa nyuma. Weka karatasi nyeusi chini ya ukurasa kisha upige tena, nao utafifia.

Kama picha unatumiwa na mwenzako, mwombe aitume kama dokumenti badala ya picha ya kawaida. WhatsApp hubana picha ya kawaida, na vitu vya kwanza kuharibika ni vile vyembamba: nafasi kati ya mistari miwili, na vistari vidogo vya kabari, ile mistari inayoonyesha kitu kiko mbele au nyuma ya karatasi, tutakayoisoma kwenye hatua ya 6.

*Utajua umefaulu:* ukiikuza picha kwenye kioo cha simu, unaona mwisho wa kila mstari, na nafasi nyeupe kati ya mistari ya bondi mbili.

## Hatua ya 2: Uhamishe mchoro kwa mkono

Usisome moja kwa moja kwenye kioo cha simu. Chora upya kwenye karatasi, na uanze na herufi peke yake: andika kila O na kila H mahali pake, kisha ndipo uziunganishe kwa mistari.

Sababu ni kwamba jicho likiona mistari na herufi kwa pamoja hujaza lenyewe kile linachokitarajia. Ukianza na herufi, kila herufi inakudai mstari wake, na uliopotea unajulikana mara moja.

Mchoro wa asidi ya tartariki, ukiunyoosha na kuweka namba kwenye kona zake, unakuwa hivi:

```
      O         OH
      ||        |
 HO---1----2----3----4---OH
           |         ||
           OH        O
```

Kitabuni hakuna namba hizo, na mstari wa katikati haukunyooka. Unapanda na kushuka kama meno ya msumeno. Kona 1 iko juu, 2 chini, 3 juu, 4 chini.

*Tahadhari:* andika herufi kama zilivyo. Upande wa kushoto utaona HO na upande wa kulia OH, lakini ni kitu kimoja. Mchapaji huigeuza ili O ndiyo iguse mstari, kwa kuwa oksijeni ndiyo iliyoshikana na kaboni.

## Hatua ya 3: Hesabu kaboni ambazo hazikuandikwa

Hapa ndipo jibu la kwanza baya linapozaliwa. Mwanafunzi anatafuta herufi C kwenye mchoro, haioni hata moja, basi anaandika H₄O₆. Kahesabu herufi kwa uaminifu kabisa, sema hakuambiwa kuwa kaboni haiandikwi.

Kanuni ni hii: kila kona ya mstari ni kaboni, na kila mwisho wa mstari usio na herufi ni kaboni. Mwisho wenye herufi si kaboni. Mwisho huo ni ile atomi iliyotajwa na herufi.

Chukua kalamu ya rangi na uweke doa kwenye kila kona. Usihesabu kwa macho, weka doa kisha uhesabu madoa. Kwenye mchoro wetu yanakuja manne. Ncha za nje zote zina herufi, kwa hiyo hakuna doa lingine.

Kona 1 na kona 4 ndizo zinazosumbua, kwa sababu zinakutanisha mistari minne: mmoja kwenda kwenye mnyororo, mmoja kwenda OH, na miwili ya bondi mbili kwenda O. Mwanafunzi akiona mistari mingi hudhani kuna kaboni zaidi ya moja. Hapana. Mistari ikikutana mahali pamoja, hapo pana kaboni moja tu.

*Utajua umefaulu:* madoa manne, wala hakuna doa lililokaa juu ya herufi.

## Hatua ya 4: Tafuta haidrojeni zilizofichwa

Jibu la pili baya ni C₄H₄O₆. Huyu amepata kaboni, amehesabu H nne zilizoandikwa, akafunga daftari. Amesahau kuwa haidrojeni zilizoshikana na kaboni nazo haziandikwi.

Zinapatikana kwa mikono. Kila kaboni ina mikono minne, na kila mstari unaoigusa ni mkono mmoja uliokwisha shika kitu. Bondi mbili ni mikono miwili. Mikono inayobaki imeshika haidrojeni.

Pitia kona moja moja:

- Kona 1: mkono mmoja kwa OH, miwili kwa O, mmoja kwa kona 2. Jumla 4. Haidrojeni iliyofichwa: hakuna.
- Kona 2: mmoja kwa kona 1, mmoja kwa OH, mmoja kwa kona 3. Jumla 3. Imefichwa haidrojeni 1.
- Kona 3: vivyo hivyo, haidrojeni 1.
- Kona 4: sawa na kona 1, hakuna.

Andika hizo H mbili kwa kalamu ya rangi pembeni mwa kona zake, ili usizihesabu mara mbili.

Kisha zikague oksijeni. Hii ni kinga nzuri mno dhidi ya picha mbovu, na naomba uifanye hata ukiwa na haraka. Haidrojeni hufichwa kwenye kaboni tu. Ikiwa imeshikana na oksijeni au naitrojeni, kwa kawaida kitabu huiandika. Kwa hiyo kila oksijeni kwenye mchoro lazima mikono yake miwili ionekane: ama ina mstari mmoja na H pembeni yake, ama ina bondi mbili na haina H, ama iko katikati ya mistari miwili.

Ukikuta O yenye mstari mmoja na haina H, na pembeni yake hakuna alama ya kutoa inayoonyesha chaji, basi kuna kitu kimepotea kwenye picha. Labda doa la jua limekula mstari wa pili, labda H imekatwa ukingoni. Usibuni. Rudi kwenye kitabu.

*Utajua umefaulu:* kila kaboni ina mikono minne kamili, kila oksijeni miwili, wala hakuna mkono unaoning'inia.

## Hatua ya 5: Andika fomula, kisha ihakiki

Kaboni 4. Haidrojeni zilizoandikwa 4, zilizofichwa 2, jumla 6. Oksijeni 6. Fomula ni C₄H₆O₆. Uzito wake kwa hesabu ya darasani ni 48 kwa kaboni, 6 kwa haidrojeni na 96 kwa oksijeni, jumla gramu 150 kwa moli.

Hakiki ya haraka: molekuli isiyo na chaji, yenye kaboni, haidrojeni na oksijeni peke yake, lazima iwe na haidrojeni za idadi shufwa. Ukipata 5 au 7 umekosea, huna haja ya kujua zaidi.

Ila hakiki hiyo haikamati kila kosa, na sasa narudi kwenye picha iliyokatwa ukingoni. Kijana mmoja wa Nkuhungu alinitumia mchoro huu huu, OH ya mwisho kulia ikiwa imekatwa. Alifuata hatua zote bila kuteleza. Mwisho mtupu akauweka doa, akaupa haidrojeni tatu, akapata C₅H₈O₅. Haidrojeni zake ni shufwa. Mikono yote imetimia. Kila oksijeni iko sawa. Kama molekuli, aliyoipata haina kasoro, isipokuwa siyo iliyokuwa kitabuni. Kosa lilikuwa kwenye ukingo wa picha, na kitu pekee ambacho kingelinasa ni hatua ya 1.

Angalia na jambo hili: uzito wa C₅H₈O₅ ni 148, na uzito wa lile jibu baya la C₄H₄O₆ nao ni 148. Wanafunzi wawili wanaweza kulinganisha majibu, wakakuta uzito wao ni mmoja, wakaamini wote wamepata. Linganisheni michoro mliyohamisha kwa mkono, msilinganishe uzito.

Ukiwa na intaneti unaweza kuhakiki kwa njia nyingine. Andika molekuli kama mstari wa herufi, ukitembea kutoka kushoto kwenda kulia na kuweka tawi ndani ya mabano:

```
OC(=O)C(O)C(O)C(=O)O
```

Isome pamoja nami: oksijeni ya kushoto, kaboni ya kona 1 yenye tawi la oksijeni kwa bondi mbili, kona 2 yenye tawi la oksijeni, kona 3 vivyo hivyo, kona 4, kisha oksijeni ya kulia. Haidrojeni haziandikwi, mtambo unazijaza kwa hesabu ileile ya mikono. Ubandike mstari huo kwenye kisanduku cha kutafutia cha PubChem, tovuti ya taarifa za kemikali, nao utakupa fomula C4H6O6. Ikija nyingine, linganisha mstari wako na mchoro, kona kwa kona.

## Hatua ya 6: Soma kabari, na uhakikishe picha haikugeuzwa

Fomula ikitimia wengi wanaacha. Lakini kitabu cha kidato cha sita hakikuchora kabari kwa urembo.

Angalia mistari inayotoka kona 2 na kona 3 kwenda OH. Ikiwa mstari ni mwembamba kwenye kona na unanenepa kuelekea OH, ukiwa mweusi tii, hiyo ni kabari nyeusi: OH inachomoza kutoka kwenye karatasi kuja kwako. Ikiwa imetengenezwa kwa vistari vidogo vilivyopangana, OH inaelekea nyuma ya karatasi.

Asidi ya tartariki iliyo kwenye zabibu huchorwa, kwa mkao wa msumeno nilioueleza, hivi: OH ya kona 2 inashuka chini, OH ya kona 3 inapanda juu, na zote mbili ni kabari nyeusi. Shika mkao huo: kushoto chini, kulia juu, zote nyeusi.

Kuna namna mbili za kuuharibu.

Kabari moja kubadilika. Fotokopi iliyokolea wino huunganisha vile vistari vidogo, na kabari ya nyuma inaonekana nyeusi. Picha iliyobanwa nayo hufifisha kabari, ukadhani ni ya vistari. Kwenye mchoro huu, kabari moja ikiwa nyeusi na nyingine ya vistari, hiyo si asidi ya zabibu tena. Ni asidi ya tartariki ya aina nyingine, iitwayo meso, ambayo nusu yake moja ni taswira ya nusu ya pili na haizungushi mwanga uliopolarishwa. Fomula ni ileile C₄H₆O₆, kwa hiyo hesabu yako haitastuka. Kuza picha mpaka uone ukingo wa kabari: kabari nyeusi ina kingo laini, ya vistari ina kingo zenye meno. Usipoweza kutofautisha, omba picha nyingine.

Picha kugeuzwa kushoto-kulia. Hili lilinichukua muda kulielewa. Vijana wengi kioo cha kamera yao ya nyuma kimepasuka, kwa hiyo wanapiga kwa kamera ya mbele, na baadhi ya simu huhifadhi picha hiyo ikiwa imegeuzwa kama unavyojiona kwenye kioo. Kwa molekuli yenye N au Cl utagundua upesi, kwa sababu herufi hizo zinakaa kinyume. Lakini mchoro wetu una O na H tu, na herufi hizo mbili kwenye kioo ni zilezile! HO ya kushoto inahamia kulia na kusomeka OH, sawasawa na inavyotakiwa. Hakuna kinachoonekana kibaya.

Ila kabari zimehama. Sasa OH ya kushoto inapanda na ya kulia inashuka, zote nyeusi, na hiyo ni taswira ya kioo ya asidi ya zabibu. Atomi ni zilezile na uzito ni uleule, lakini mwanga uliopolarishwa inauzungusha upande wa pili. Swali la mtihani likiuliza ni ipi kati ya hizo mbili, utajibu kinyume.

Ndiyo maana nilisisitiza maneno ya pembeni. Soma neno lolote la kitabu lililo kwenye picha. Likisomeka vizuri, picha haikugeuzwa. Likisomeka kinyume, ifungue kwenye sehemu ya kuhariri picha ya simu yako, igeuze kushoto-kulia, kisha uanze upya hatua ya 2.

Usichanganye kugeuzwa huku na kupinduliwa. Picha iliyopinduliwa juu-chini kwa kuizungusha haina madhara kwa molekuli yoyote. Zungusha simu yako na utaona: ile OH ya kushoto chini inakwenda kulia juu, ya kulia juu inakuja kushoto chini, na mkao ni uleule.

*Utajua umefaulu:* unaweza kusema kwa kila kabari kama ni nyeusi au ya vistari, na umesoma neno moja la kitabu likiwa sawa.

## Picha ikigoma kabisa

Kuna picha ambazo haziokoleki. Kama kabari hazionekani na kitabu hakipo, andika fomula, chora mistari ya kawaida bila kabari, na uandike pembeni "mkao haujulikani". Usichague kabari kwa kubahatisha, maana anayekuja kunakili daftari lako hatajua kuwa ulibahatisha.

Yule kijana wa Nkuhungu nilimwomba arudie picha, safari hii akiacha nafasi ya upana wa kidole kuzunguka mchoro mzima na jina la mchoro likiwemo. Ilipofika, OH ya kulia ilikuwepo, na jina lilisomeka sawa. Dakika tano baadaye akaandika: "Mwalimu, kona nne, H mbili za kuficha, kabari zote nyeusi, kushoto chini, kulia juu."